Kifaa cha kusikia kikipiga mluzi au kikinyamaza: anza kwa kidole

Kifaa cha kusaidia kusikia kinachopiga mluzi bado kinafanya kazi. Mluzi ni sauti iliyokwisha kukuzwa, ikavuja njiani, ikarudi kwenye maikrofoni na kukuzwa tena, kama kipaza sauti cha msikitini kinapolia mtu akikisogeza karibu na spika. Kwa hiyo anayesikia mluzi aulize sauti inavujia wapi. Kifaa kilichonyamaza kina maswali mawili: umeme umekatika, au sauti ipo ila imezibwa?

Nichukue kifaa cha babu mmoja wa Tanga, cha aina inayokaa nyuma ya sikio. Juu kina ndoano ya plastiki, kutoka hapo unashuka mrija laini hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Kwa wiki kadhaa kilikuwa kikipiga mluzi, kisha asubuhi moja kikanyamaza kabisa. Nyumbani walishaamua kuwa kimeungua.

Tulianza na betri, kwa sababu betri za zinki na hewa haziagi. Nguvu yake hukaa karibu palepale hadi mwisho, halafu hushuka ghafla. Kifaa chake kinatumia namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa. Kibandiko hicho huzuia hewa, na betri haizalishi umeme wa kutosha mpaka hewa iingie kupitia vitundu vilivyo chini yake. Ukikibandua, iache dakika mbili tatu kabla ya kuifunga ndani ya kifaa. Kukibandika tena baadaye hakuisaidii betri, kwani imeshaanza kuisha. Tuliweka mpya, tukangoja, tukakifumbata kifaa kiganjani. Kikiwa kizima, kikifumbatwa kinatakiwa kulia. Kilikaa kimya.

Hapo ndipo wengi hufunga safari ya kwenda kwa fundi. Sisi tuliuvuta mrija taratibu ukatoka kwenye ndoano, tukakifumbata tena kifaa kikiwa peke yake. Kikalia kwa nguvu. Mlio huo ulitosha kutuambia kuwa betri, maikrofoni, kikuza sauti na spika vyote ni vizima, na kwamba kizuizi kiko kwenye mrija au kizibo. Tulipouinua mrija kwenye mwanga wa dirisha, tone la maji lilionekana limekaa kwenye kona yake. Hewa ya joto yenye unyevu wa sikio hugeuka maji ndani ya mrija, na Pwani hali hiyo ni ya kila siku. Tone dogo tu linatosha kuziba sauti yote. Lilitolewa kwa kipulizio kidogo cha mpira. Usipulize kwa mdomo, maana utaongeza unyevu uleule. Nta iliyokuwa kwenye tundu la kizibo ilisafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kizibo kikiwa kimetenganishwa na kifaa, kikakauka kabisa kabla ya kurudishwa.

Babu akasikia, na mluzi ukarudi. Sasa kazi ikawa ya kidole. Tuliziba tundu la sauti la kizibo, pamoja na kitundu chake cha kupitishia hewa. Mluzi ungekoma, tungejua uvujaji uko sikioni: kizibo hakijakaa vizuri, kimelegea, au nta imejaa sikioni na kurudisha sauti nje. Nta hiyo ni kazi ya daktari, si ya pamba wala njiti. Lakini mluzi uliendelea. Tukautoa mrija na kuziba ndoano yenyewe, mluzi ukakatika. Basi uvujaji ulikuwa katikati. Tulipoukunja mrija pale unapoingia kwenye kizibo, ufa ukafunguka. Mrija ulikuwa umekuwa wa njano na mgumu, jambo la kawaida baada ya miezi kadhaa. Kliniki ilibadilisha mrija tu.

Vifaa ambavyo spika yake inaingia sikioni havina mrija huu. Vina waya mwembamba, na kwenye ncha kuna chujio dogo la nta. Vikinyamaza, hilo ndilo la kukagua baada ya betri. Chujio hubadilishwa kwa kijiti chake maalumu: ncha moja inang'oa la zamani, nyingine inapachika jipya. Sauti ikirudi, umemaliza. Usilitoboe kwa sindano, kwani spika iko nyuma yake na haivumilii kuchomwa, wala usivae kifaa bila chujio.

Tahadhari moja: baadhi ya vifaa vya kidijitali huzima mluzi vyenyewe, hivyo kutolia kiganjani si uthibitisho wa ubovu. Hapo mtu mwenye masikio mazuri asogeze sikio karibu na ndoano, sauti ikiwa imepunguzwa, huku mwingine akizungumza.

Cha kupeleka kwa fundi ni kifaa kinacholia hata ndoano ikiwa imezibwa, au kisichotoa sauti yoyote hata kikiwa bila mrija na kina betri mpya. Ukifika, mweleze umeziba wapi na nini kilitokea. Atajua aanzie wapi kukifungua.