Dakika 30, Watu Watatu: Namna Skripti ya Mwendesha Mjadala Ilivyojengwa

Mijadala mingi ya video huharibika kabla kamera haijawashwa. Mwendesha mjadala anaandika maswali kumi na mawili, anayaita skripti, kisha anaingia studio akitumaini kwamba wageni watajua wenyewe pa kukomea. Hawajui, na si kosa lao. Orodha ya maswali haimwambii mtu azungumze kwa muda gani, nani amjibu, wala nini kifanyike muda ukiisha katikati ya sentensi.

Nitachambua skripti moja niliyoiandaa kwa ajili ya mjadala wa dakika 30 uliorekodiwa Dar es Salaam. Mada ilikuwa nishati ya kupikia. Wageni walikuwa watatu: mama lishe anayepikia mkaa, msambazaji wa mitungi ya gesi, na ofisa wa misitu. Waandaaji walitaka wageni sita ili kila taasisi iwe na mwakilishi. Nilikataa, na sababu yangu ilikuwa hesabu tu. Kwenye mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Kenya, tarehe 11 Februari 2013, wagombea walikuwa wanane na waendeshaji wawili, Linus Kaikai na Julie Gichuru. Kila mgombea akipewa dakika moja tu kwa swali moja, dakika nane zimekwisha na hakuna aliyemjibu mwenzake. Mdahalo wa taifa unaweza kubeba uzito huo kwa kuwa wapigakura wanataka kumwona kila mmoja. Video ya nusu saa haiwezi.

Kwa hiyo kazi ilianza na muda, maneno yakaja baadaye. Ufunguzi niliupa dakika 1 na nusu. Duru ya kwanza, kila mgeni dakika 1 na nusu, jumla dakika 4 na nusu. Duru ya pili ndiyo moyo wa mjadala: maswali matatu ya kukabiliana, kila swali dakika 4, jumla 12. Duru ya tatu, kila mgeni dakika 1, jumla 3. Hitimisho dakika 2. Hapo tumefika 23. Mwendesha mjadala naye anauliza maswali tisa, na kila swali likisomwa kwa utulivu linakula kama sekunde 20, hizo ni dakika 3 nyingine. Tumefika 26. Dakika 4 zilizobaki sikumpa mtu. Ni akiba ya maswali ya papo kwa papo na ya yule atakayezidisha, kwa sababu atakuwepo.

Waandishi wengi wa skripti husahau kuhesabu maneno yao wenyewe. Kwa Kiswahili cha kusomwa mbele ya kamera, mimi huchukulia maneno 110 hivi kwa dakika. Ufunguzi wa dakika 1 na nusu basi haupaswi kuzidi maneno 165, salamu na utambulisho vikiwemo. Hapo ndipo mazoea yetu ya jukwaani yanapogharimu. Ukianza na shukrani kwa wafadhili, ukasema itifaki imezingatiwa, kisha ukasoma wasifu wa kila mgeni tangu shahada yake ya kwanza, dakika tatu zimekwenda na mtazamaji hajui wanabishania nini. Ufunguzi wetu ulianza hivi:

"Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Hapa mezani yupo mama anayepika wali na maharage kwa mkaa kila siku, yupo anayesambaza mitungi ya gesi, na yupo anayelinda misitu. Wote watatu wanataka moshi upungue. Hawakubaliani nani alipe."

Baada ya hapo kila mgeni alitajwa kwa jina na sentensi moja ya kazi yake, kisha kanuni ya muda ikasemwa wazi, kamera ikiwa inarekodi. Hili la mwisho nalishikilia sana. Kanuni iliyosemwa chumba cha kusubiri ni makubaliano ya faragha. Ikisemwa mbele ya mtazamaji, mgeni anapokatishwa haonekani amevunjiwa heshima. Na kwa kuwa kila mgeni wetu hupenda kuanza na shukrani, skripti ilimwelekeza mwendesha mjadala aseme, "Shukrani zenu nimezipokea zote kwa pamoja, twende kwenye hoja." Sentensi hiyo moja iliokoa zaidi ya dakika nzima.

Mtiririko wa maswali ulikwenda kutoka kwenye jambo analolijua mtu hadi kwenye jambo asilokubaliana na mwenzake. Duru ya kwanza haikuuliza maoni. Ukimuuliza mtu ana maoni gani kuhusu nishati safi, atakupa hotuba, na hotuba haina mahali pa kuikata. Mama lishe aliulizwa: "Mama, mtungi wa kilo 6 kwenye kazi yako unakaa siku ngapi?" Msambazaji aliulizwa mteja wake wa mwisho jana usiku alinunua nini. Ofisa wa misitu aliulizwa gunia la mkaa linaloshushwa mjini linatoka wilaya zipi. Maswali ya namna hii yana jibu fupi la kweli, na jibu hilo ndilo linalotumika kama kuni za duru ya pili.

Angalia pia kwamba swali lilianza na jina la anayeulizwa. Kwenye video hilo lina kazi. Anayebadilisha kamera anaposikia "Mama" mwanzoni, ana sekunde kadhaa za kumtafuta mama kabla hajafungua mdomo, na mama mwenyewe anajua ni zamu yake. Jina likiwekwa mwishoni mwa swali refu, picha inabaki kwa mtu asiyeulizwa, na aliyeulizwa anaanza kwa kusema, "Samahani, swali ni langu?"

Duru ya pili ndipo skripti ilipojaribiwa. Swali la kwanza lilikuwa kwa msambazaji: gesi hulipwa kwa mkupuo mtungi unapojazwa, lakini mama ananunua mkaa kwa kopo kulingana na mauzo ya jana, je, ana bidhaa gani kwa mtu mwenye fedha ya leo tu? Skripti ilimpa kila mtu kikomo cha dakika 1 na nusu ndani ya zile dakika 4. Msambazaji alianza na idadi ya mawakala, akaingia kwenye usalama wa mitungi, akarudi kwa mawakala. Mtunza muda alinyanyua kadi ya njano sekunde 30 kabla ya kikomo, nyekundu kikomo kilipofika. Msambazaji aliendelea hadi dakika 2 na sekunde 10.

Mwendesha mjadala hakutafuta maneno ya kumkatisha, yalikuwa yameandikwa. Katika skripti, chini ya kila swali la duru ya pili, kulikuwa na mstari wa kukatishia na mstari wa kupokezana. Mbinu ni kushika neno la mwisho la mzungumzaji na kulihamishia kwa mwingine bila kuacha pengo: "Kaka, hapo kwenye mawakala nakushika. Mama, wakala wa mtaani kwako anakuuzia gesi ya fedha ya leo?" Mzungumzaji anasikia hoja yake imechukuliwa, haijatupwa, kwa hiyo anaachia. Kwa mzee au kiongozi utabadilisha namna ya kumwita, lakini utaratibu ni uleule. Kinachoudhi watu wazima ni kusimamishwa kwa kuambiwa muda wako umekwisha, kana kwamba hoja haikusikika.

Mama alijibu kwa dakika 1 kwamba ile gesi ya kulipia kidogokidogo kwa mita ameisikia tu, mtaani kwake haijafika. Ofisa wa misitu alibakiwa na sekunde 50. Hapa ndipo mtunza muda anapokuwa mtu muhimu kuliko anavyodhaniwa. Kazi yake haikuwa kunyanyua kadi peke yake. Alikuwa anaandika sekunde za kila mgeni na kujumlisha. Baada ya swali la kwanza alimwonyesha mwendesha mjadala karatasi: msambazaji 2:10, mama 1:00, ofisa 0:50. Swali la pili likaanzia kwa ofisa, likaenda kwa mama, na msambazaji akapewa nafasi ya kujibu tu. Lilipokwisha, jumla zilisomeka msambazaji 3:00, mama 2:30, ofisa 2:30. Usawa hauhitaji kila swali ligawanywe sawasawa. Unahitaji mtu anayejua jumla.

Mtunza muda alikaa nyuma ya bega la mwendesha mjadala. Akikaa pembeni ya chumba, kila mgeni anayetazama kadi anaonekana kwenye video macho yakikimbia, kama mtu anayesubiri kuokolewa. Akikaa nyuma ya bega, mgeni anaiona kadi huku bado akielekea anayemuuliza. Kulikuwa na agizo jingine kwa ajili ya mhariri wa video: mgeni akimaliza, mwendesha mjadala anyamaze kwa sekunde mbili kabla ya kusema. Sauti mbili zikipandana, hakuna mahali pa kukata, na jibu zuri linalazimika kubaki na mkia wake mbaya.

Swali la tatu la duru ya pili liliwekewa nyota. Nyota ilimaanisha kwamba likikosa muda, ndilo litakaloachwa. Usipoamua mapema cha kuacha, kitakachoachwa ni hitimisho, na hitimisho ndilo ambalo wengi huliandika kabla ya mjadala au huliacha liwe sentensi kwamba mengi yamezungumzwa.

Hitimisho letu lilikuwa na nafasi tatu tupu zilizotangulizwa na maneno haya: wamekubaliana kwamba, wametofautiana kuhusu, swali lililobaki ni. Mwendesha mjadala alizijaza kwa kalamu duru ya tatu ikiendelea, akitumia maneno ya wageni wenyewe. Walikubaliana kwamba kikwazo si kupata mtungi wa kwanza, ni kuujaza tena. Walitofautiana kuhusu bei ya mkaa: ofisa alitaka ipande ifanane na thamani ya mti uliokatwa, mama akasema kila shilingi itakayopanda itaongezwa kwenye sahani ya wali. Lililobaki ni lini gesi ya mita itafika mitaa ya pembeni, na msambazaji hakuwa na tarehe. Hakuna swali jipya lililoulizwa, hakuna mgeni aliyepewa neno la mwisho la ziada.

Skripti ya namna hii haiwezi kumfanya mgeni asiyejiandaa awe na hoja, na haifai kwa mazungumzo ya mtu mmoja, ambapo ukimya na kuchepuka ndivyo vinavyoleta mambo mazuri. Lakini kwa meza ya watu watatu inapimika kirahisi. Kabla ya kurekodi, mpe mwenzako skripti yako na saa ya simu, asome kwa sauti sehemu zako zote: ufunguzi, maswali tisa na hitimisho. Kwa video ya nusu saa, zikizidi dakika 6 na nusu, punguza maneno yako, usiguse muda wa wageni.