Maiki ya Mkononi au ya Kifuani: Sentimita 15 Zinazoamua

Kanisa moja dogo pembezoni mwa Morogoro lilikuwa na fedha za kununua seti moja tu ya maiki zisizo na waya, na mahitaji yakawa mawili. Mchungaji alitaka maiki ya kubana kifuani kwa sababu huhubiri huku akitembea, Biblia mkono mmoja na mkono wa pili ukieleza. Kwaya ilitaka ya mkononi. Suluhisho lililoonekana jepesi ni seti ya mchanganyiko: risiva moja yenye chaneli mbili, maiki moja ya mkononi, na transmita moja ya kuvaa kiunoni yenye kimaiki chake cha kubana. Seti ikanunuliwa, ikafungwa, na ibada ya kwanza ikaleta malalamiko matatu. Ya kifuani ililia kila ilipoongezwa sauti. Ya mkononi haikulia, lakini sauti yake ilipasuka. Na zote mbili zilikatika-katika waumini waliposimama kuimba.

Malalamiko hayo yana visababishi vitatu tofauti, na hakuna hata kimoja kilichotokana na ubovu wa vifaa.

Tuanze na ile iliyolia. Ukumbi una upana wa mita 9 na urefu wa mita 14, paa la bati, sakafu ya saruji, na spika mbili zilizosimamishwa mbele, pembeni mwa mimbari. Mhubiri anayeshika maiki ya mkononi huiweka kama sentimita 5 kutoka mdomoni. Kimaiki cha kifuani, kikibanwa vizuri, hukaa kama sentimita 20 chini ya mdomo. Tofauti ni sentimita 15 tu, ila sauti haihesabu hivyo. Kila umbali kutoka mdomoni unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika kwenye maiki hupungua kwa desibeli 6. Kutoka 5 hadi 10 zimeondoka 6, kutoka 10 hadi 20 zimeondoka nyingine 6. Jumla ni desibeli 12, yaani kimaiki cha kifuani kinapata robo tu ya mgandamizo wa sauti ambao maiki ya mkononi ingeupata.

Fundi anazirudisha hizo desibeli 12 kwa kuongeza sauti kwenye miksa. Tatizo ni kwamba miksa haichagui cha kuongeza. Sauti ya spika inayorudi kwenye maiki nayo inaongezwa kwa kiasi kilekile, inatoka tena kwenye spika, inarudi tena, na mzunguko huo ndio mluzi tunaousikia. Isitoshe, maiki nyingi za mkononi husikia zaidi upande wa mbele na kupuuza kilicho nyuma yake, ilhali vimaiki vingi vya kifuani husikia pande zote. Hilo limefanywa makusudi, ili mtu akigeuza kichwa sauti isibadilike sana. Katika ukumbi wenye bati na saruji, pande zote maana yake ni mwangwi wote na spika zote mbili.

Jambo la kwanza lililofanyika halikuhusu maiki kabisa. Spika zilizokuwa sambamba na mimbari zilisogezwa mbele mita moja na nusu kuelekea waumini, zikageuzwa kidogo nje, ili mhubiri abaki nyuma yake. Hapo maiki ya kifuani ilipata nafuu: akisimama mimbarini, maneno yalisikika hadi benchi la mwisho. Lakini mchungaji huyu hushuka. Alipofika kati ya mabenchi, mbele ya spika, mluzi ulirudi palepale. Hakuna kitufe cha miksa kinachoponya hilo bila kupunguza sauti hadi watu wa nyuma wasisikie.

Uamuzi ukawa huu: mahubiri na kwaya vitumie maiki ya mkononi. Ya kifuani ikahamishiwa kwenye chumba cha pembeni, ambacho siku za wiki ni darasa la masomo ya ziada. Huko ilifanya kazi bila tatizo, na sababu ni zilezile. Chumba ni kidogo, kwa hiyo sauti ya mwalimu inahitaji kuongezwa kidogo tu ili kuwafikia wanafunzi wa nyuma. Spika moja imetundikwa katikati ya ukuta wa pembeni, ikielekea wanafunzi wa nyuma, na mwalimu hakai mbele yake. Naye anahitaji mikono yote miwili, mmoja kwa chaki na mwingine kwa kitabu. Akigeukia ubao, kimaiki kinageuka pamoja naye na sauti inabaki ileile. Mchungaji asiyetaka kabisa kushika maiki yuko kwenye kundi la tatu: anahitaji maiki ya kichwani, ile inayokaa sentimita 2 au 3 kutoka pembe ya mdomo, ambayo nyingi huchomekwa kwenye transmita ya kiunoni ikiwa plagi zinalingana.

Zipo tabia mbili zinazoharibu chaguo hata likiwa sahihi. Waimbaji wengine hupenda kufunika kichwa cha maiki ya mkononi kwa kiganja. Matundu ya nyuma yakizibwa, maiki inapoteza uwezo wa kupuuza kilicho nyuma yake na huanza kulia. Ishikwe kwenye mpini. Ya kifuani nayo ibanwe katikati ya kifua, shibiri moja chini ya kidevu, kwenye ukingo wa tai au wa vifungo vya shati. Mkufu ukiigonga, au ukingo wa kitenge ukiifunika, mwalimu hatasikia kitu, ila darasa zima litasikia mkwaruzo.

Sasa ile sauti iliyopasuka. Nyuma ya risiva hii kuna matundu ya aina mbili. Kila chaneli ina tundu lake la XLR, lenye pini tatu, na lipo tundu moja la jeki nene ya milimita 6.3 linalotoa chaneli zote mbili zikiwa zimechanganywa. Aliyeifunga alichukua waya wa jeki upande mmoja na XLR upande wa pili, akatoa sauti kwenye lile tundu la mchanganyiko na kuiingiza kwenye tundu la maiki la miksa. Matundu yakakubali, lakini viwango havikukubaliana. Tundu la maiki kwenye miksa linategemea umeme mdogo sana, wa milivolti chache. Jeki ya risiva hiyo hutoa kiwango cha laini, ambacho hukaribia nusu volti au zaidi mhubiri anapopaza sauti. Hata GAIN ikishushwa hadi mwisho, mlango wa miksa umeshajaa, na sauti imepasuka kabla ya kufika kwenye kitelezi. Ndiyo maana kushusha kitelezi hakukusaidia: sauti ilipungua, lakini iliendelea kupasuka.

Kosa la kinyume lina dalili yake pia. Risiva ikitoa kiwango cha maiki kisha ukaiingiza kwenye tundu la laini, utapandisha GAIN hadi mwisho na sauti itabaki hafifu, huku nyuma yake kukiwa na mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni. Kwa hiyo anayesikia mpasuko achunguze kama ameingiza laini kwenye maiki, na anayesikia mvumo achunguze kama ameingiza maiki kwenye laini. Baadhi ya risiva zina swichi ndogo nyuma iliyoandikwa MIC na LINE. Isomwe kabla ya kuchagua waya.

Ufungaji uliorekebishwa ulitumia nyaya mbili za XLR, chaneli A ya risiva ikaingia chaneli 1 ya miksa na B ikaingia chaneli 2. Faida ni zaidi ya kuondoa mpasuko. Tundu la mchanganyiko huzipeleka maiki zote mbili kwenye kitelezi kimoja, na fundi hawezi kufunga moja huku nyingine ikiwa wazi. Kila maiki inayoachwa wazi bila kutumika huingiza mwangwi na kuukaribisha mluzi. XLR pia hustahimili waya mrefu bila kuokota mngurumo wa umeme, ilhali jeki ya kawaida ni salama kwa mita 2 au 3.

Kabla ya kuwasha, kitufe cha 48V kilizimwa. Wengi hukibonyeza wakiamini maiki ya kifuani inahitaji umeme huo. Ni kweli kimaiki hicho kinahitaji umeme, lakini kinaupata kwenye betri za transmita ya kiunoni. Kinachofika kwenye miksa ni sauti kutoka risiva, na baadhi ya risiva za bei nafuu hutoa kelele au hata kuharibika zikipelekewa volti 48. Kwenye miksa ndogo kitufe hicho mara nyingi huhudumia matundu yote kwa pamoja. Kama kuna maiki nyingine ya waya inayokihitaji, angalia kwanza kijitabu cha risiva kinasema nini.

Kisha viwango vikapangwa. Kitelezi kilishushwa chini, PFL ya chaneli 1 ikabonyezwa, na mchungaji akaombwa ahubiri kwa sauti yake ya Jumapili, maana kuhesabu "moja, mbili" kwa upole kunadanganya. GAIN ikapandishwa taratibu hadi taa zikawa zinacheza karibu na 0, zikiruka juu yake kidogo kwenye maneno makali bila kugusa nyekundu. Baada ya hapo ndipo kitelezi kikapandishwa. Kichujio cha sauti nzito, kilichoandikwa 80 Hz, kikawashwa ili kuondoa mshindo wa pumzi na wa kushikashika maiki.

Likabaki tatizo la kukatika, na kidokezo chake kilikuwa wazi: watu wakikaa, hakuna shida, wakisimama, sauti inakatika. Risiva ilikuwa sakafuni nyuma ya meza ya miksa, mwisho wa ukumbi. Mwili wa binadamu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, hunyonya mawimbi ya redio ya maiki hizi, na waumini waliosimama wakawa ukuta. Risiva iliinuliwa kwenye rafu ya ukutani iliyo mita 2 juu ya sakafu, antena zikasimamishwa zikiwa zimetanuka, mbali na amplifaya na kisanduku cha Wi-Fi. Ukatikaji ukaisha.

Anayekwenda dukani leo asome pia namba za masafa kwenye kibandiko cha risiva. Katika ukanda wetu, masafa ya 694 hadi 862 MHz yaliyokuwa ya televisheni yamepelekwa kwenye mitandao ya simu, na seti nyingi za zamani zinazouzwa kwa bei ya kutupa zinafanya kazi humo. Chagua iliyo kati ya 470 na 694 MHz, kisha uliza TCRA, au mamlaka ya nchi yako, kuhusu masharti ya kuitumia. Na usihesabu antena mbili kuwa ushahidi wa ubora: kwenye risiva nyingi nafuu za chaneli mbili, kila antena inahudumia maiki yake. Zinazosaidiana ni zile ambazo kila chaneli ina antena mbili na risiva inachagua inayopokea vizuri zaidi. Muulize muuzaji ipi ni ipi kabla ya kulipa.