Dakika Tano za Gesi

Mzamiaji anayefanya kazi kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini hapandi juu jioni kurudi nyumbani. Anaishi melini, ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, ambamo gesi imeshindiliwa mpaka mgandamizo wake ukalingana na ule wa kina anachofanyia kazi. Kwenye mita 90 mgandamizo huo ni kama mara 10 ya ule tunaouzoea. Gesi huingia kwenye damu na nyama hadi mwili hauwezi kupokea zaidi, na kuitoa bila kumdhuru mtu huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana wazamiaji hawa hukaa ndani ya mgandamizo hadi siku 28 mfululizo, wakila, wakilala na kwenda kazini humo humo. Zamu ikifika, huingia kwenye chumba kidogo kiitwacho kengele, nacho huteremshwa hadi karibu na sakafu ya bahari.

Ni watu wachache mno watakaoiona kazi hii kwa macho yao. Anayetaka kuihisi hana budi kutafuta filamu, na hapo ndipo uhodari wa kuchagua unapohitajika, kwa sababu nyingi kati ya filamu za wazamiaji hazihusu uzamiaji. *Men of Honor* ya mwaka 2000 ni filamu inayostahili kutazamwa kwa ajili ya Carl Brashear, Mmarekani mweusi aliyepigana na ubaguzi hadi akawa mzamiaji mkuu wa jeshi la majini. Lakini humo maji ni uwanja wa kumpima ujasiri. Mtazamaji hutoka akimjua Brashear. Jinsi siku ya kawaida ya mzamiaji inavyopita, hapewi.

*Last Breath*, filamu ya kweli iliyotoka mwaka 2019, inafanya kinyume chake. Waongozaji wake, Alex Parkinson na Richard da Costa, wanasimulia usiku mmoja wa Septemba 2012, wakati meli ya Bibby Topaz ilipokuwa mashariki mwa Skotilandi. Wazamiaji wawili, Chris Lemons na Dave Yuasa, walikuwa chini wakikarabati mitambo. Wa tatu, Duncan Allcock, alibaki ndani ya kengele, kwa kuwa kazi yake ni kuachia na kuvuta fungu la mipira linalomuunganisha kila mzamiaji na kengele.

Fungu hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, na filamu inalipa nafasi yake. Ndani yake mna mpira wa gesi ya kupumua, waya wa mawasiliano, umeme wa taa, na mpira wa maji ya moto. Maji hayo hutiririka ndani ya suti ya mzamiaji muda wote, kwa maana bahari ya huko ina nyuzi chache tu juu ya sifuri, na heliamu anayoipumua huupora mwili joto haraka.  Mzamiaji hupumua gesi anayotumiwa na watu walio juu, ambao wengine hajawahi kuwashika mkono tangu zamu ianze.

Meli yenyewe haikutia nanga. Ilishikiliwa mahali pake na kompyuta zilizoongoza rafadha, zikisahihisha kila msukumo wa upepo na wimbi. Usiku ule mfumo huo ulishindwa, bahari ikiwa imechafuka, na meli ikaanza kuchukuliwa. Kengele iliyoning'inia chini yake ikafuata, na mipira ya wazamiaji ikavutwa. Wa Lemons ukanasa kwenye chuma cha mtambo, ukakazwa, ukakatika. Kwa pigo hilo moja alikosa gesi, joto, taa na sauti za wenzake. Mgongoni alibaki na mtungi wa akiba wa kumtosha kama dakika tano.

Hapa ndipo filamu inapoonyesha thamani yake. Ingekuwa rahisi kubaki na Lemons gizani na kuongeza muziki. Badala yake tunapandishwa melini, kwa watu wanaojaribu kuirudisha kwa mikono mashine kubwa kama hiyo, wakijua kwamba kila dakika yao inatoka kwenye mtungi wa mtu mwingine. Dakika tano zinakwisha na meli bado iko mbali. Kisha inakuja picha halisi iliyopigwa na roboti ya chini ya maji: Lemons amelala juu ya mtambo, mkono wake ukitikisika kidogo. Waliokuwa kwenye skrini za meli waliiona picha ile ile wakati ule ule, na hawakuwa na la kufanya ila kuendelea na kazi. Ilipita takriban nusu saa bila gesi kabla Yuasa hajamfikia na kumrudisha kwenye kengele, ambako Allcock alimpulizia pumzi mdomoni. Lemons akazinduka. Wanaojaribu kueleza huutaja ubaridi wa maji na wingi wa oksijeni iliyokuwa imejaa mwilini mwake. Wiki chache baadaye alirudi kuzamia.

Filamu ya namna hii inahitaji masikio pia. Heliamu hufanya sauti za wazamiaji ziwe nyembamba na kali, na mwanzoni mtu huweza kucheka. Baada ya muda anaanza kusikia hofu ndani ya sauti hizo hizo. Kwenye vibanda umiza, ambako mkalimani husimulia juu ya picha, filamu za ngumi hunoga sana. Hii itazamwe bila msimulizi, sauti ikiwa juu, hata kama maneno mengine yatapotea.

Kuipima filamu kwa muda na kwa watu walio upande wa pili, kama tulivyofanya kwa *Last Breath*, kunafaa hata jikoni. *Boiling Point* ya mwaka 2021 imepigwa bila kukatwa hata mara moja, karibu saa moja na nusu ya usiku mmoja katika mkahawa wa London. Mwongozaji wake, Philip Barantini, aliwahi kuwa mpishi. Walipanga kuipiga mara nane, lakini korona ilipokaribia waliweza nne tu, na ya tatu ndiyo tunayoiona. Kwa kuwa kamera haikatwi, mtazamaji hutembea na sahani. Anajua nani aliandika mahitaji ya mteja, nani aliyaweka kando kwa sababu mtu alimwita, na mpishi mkuu amekunywa nini. Mteja mwenye mzio wa jozi anapozidiwa, hatuhitaji mtu wa kutueleza; tumeuona uzembe ukipita mikononi mwa watu waliochoka. Hakuna filamu ya vyakula vya kupendeza, vinavyopigwa picha kwa karibu vikitoa mvuke, inayoweza kufundisha hilo.

Lakini usiku mmoja hautoshi kwa kila kazi. *Jiro Dreams of Sushi*, aliyoitengeneza David Gelb mwaka 2011, inahusu mkahawa wa viti 10 jijini Tokyo, na kazi ya Jiro Ono hupimwa kwa miaka. Mwanafunzi wake anasimulia jinsi alivyokaanga mayai zaidi ya mara 200 yakikataliwa, kabla ya kuambiwa kwamba sasa yamefaa. Hapo kukata picha si kosa, maana hakuna kamera inayoweza kungoja hivyo. Mwenye kuchagua ajiulize kwanza ugumu wa kazi uko wapi: katika dakika zinazokimbia au katika marudio yasiyokwisha.

Mwaka 2025 Parkinson alirudi kwenye kisa kile kile kwa filamu ya kuigiza, yenye jina lile lile, Woody Harrelson akiwa Allcock, Simu Liu akiwa Yuasa na Finn Cole akiwa Lemons. Si mara nyingi mwongozaji mmoja hutuachia tukio moja kwa namna mbili. Afadhali kuanza na ile ya 2019, kisha kuitazama ya pili ukifuatilia kile kipande ambapo mpira unakatika: nani anaonyeshwa kwanza, tunakaa naye kwa muda gani, na watu walio kwenye skrini za meli wamepewa dakika ngapi.