Mhakiki Ajibu Mtihani, Asiusome Tu

Kila muhula unapokaribia mwisho, mkuu wa idara huandika memo ya kuwaomba walimu wenzake wapitie rasimu za mitihani kabla hazijaenda kudurufiwa. Mara nyingi memo hiyo huwa na sentensi moja: walimu wote mnaombwa kupitia mitihani na kuirudisha kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikifika, rasimu hurudi zikiwa na sahihi na maneno yaleyale, "nimepitia, ipo sawa". Kisha siku ya mtihani mwanafunzi ananyoosha mkono kumwambia msimamizi kwamba swali la kwanza lina majibu mawili.

Walimu hao si lazima wawe wazembe. Waliombwa kupitia, nao wakapitia. Tofauti kati ya uhakiki wa kweli na sahihi ya heshima huanzia kwenye memo yenyewe, yaani kwenye kile inachomtaka msomaji akifanye kwa mkono wake. Tuchukue mfano wa idara ya Kiswahili katika shule ya sekondari nchini Tanzania: walimu watano pamoja na mkuu wa idara, mitihani minne, mmoja kwa kila kidato. Memo ya idara hiyo inasomeka hivi:

Kwa: Walimu wote, Idara ya Kiswahili
Kutoka: Mkuu wa Idara
Tarehe: 6 Mei
Yah: Uhakiki wa rasimu za mitihani ya muhula wa kwanza

Ndugu walimu,

Mitihani inaanza Jumatatu tarehe 25 Mei. Ofisi ya taaluma inataka nakala safi Jumatano tarehe 20. Kwa hiyo naomba tufuate utaratibu huu:

1. Kila mtunzi anikabidhi rasimu, mwongozo wa usahihishaji na jedwali la utahini Jumatatu tarehe 11, kabla ya saa 9 alasiri. Vyote vitatu vije pamoja.

2. Jumanne tarehe 12 kila mhakiki atachukua kwangu rasimu ya kidato asichokifundisha, bila mwongozo. Ajibu maswali yote kwa muhtasari. Akimaliza, nitampa mwongozo na jedwali.

3. Maoni yaandikwe kwenye fomu: namba ya swali, tatizo, pendekezo. Fomu na majibu ya mhakiki vinifikie Ijumaa tarehe 15.

4. Tutakaa kikao Jumatatu tarehe 18, saa 8 mchana. Mtunzi anaweza kukataa pendekezo, ila atoe sababu.

5. Marekebisho yakamilike Jumanne tarehe 19. Rasimu zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp wala kuachwa kwenye kompyuta ya ofisi.

Asanteni.

Tarehe za memo hii zimehesabiwa kwa kurudi nyuma. Mwandishi hakuanza na siku anayotaka rasimu. Alianza na siku ya mtihani, akatoa Alhamisi na Ijumaa za kudurufu, kisha siku moja ya marekebisho, kisha kikao. Memo nyingi hukosea hapa kwa kutoa tarehe moja tu, ile ya kurudisha maoni. Maoni hurudi jioni ya siku ambayo karatasi zinatakiwa kwa mwalimu wa taaluma, na mtunzi anapata makosa asiyokuwa na muda wa kuyarekebisha. Katika mfano wetu, kati ya maoni kurudi na nakala safi kutakiwa zipo siku tatu za kazi ukihesabu Jumatano yenyewe, na kila moja ina kazi yake.

Kipengele chenye uzito kuliko vyote ni cha pili. Kinamnyima mhakiki mwongozo mpaka amalize kujibu. Chukua swali hili la kuchagua kutoka rasimu ya Kidato cha Tatu:

Nomino ipi kati ya hizi ipo katika ngeli ya U-ZI?
A. ugonjwa
B. ukuta
C. uji
D. ukucha

Mwongozo wa mtunzi unasema B. Mhakiki mwenye mwongozo pembeni huangalia B, akakumbuka ukuta umebomoka, kuta zimebomoka, akaridhika na kwenda mbele. Mhakiki asiye na mwongozo hulazimika kupima kila chaguo. Ugonjwa unakwenda na magonjwa, hivyo hautoshi. Uji hauna wingi wa ZI. Lakini ukucha umekatika, kucha zimekatika, nao unatosha. Anaandika B na D, na kosa limeonekana kabla halijamfikia mwanafunzi. Mtunzi hakuliona kwa sababu alianza na jibu alilolitaka, kisha akatafuta vipotoshi vya kulizunguka. Anayeanza na jibu mkononi husoma swali kwa macho ya mtunzi.

Kujibu mtihani mzima pia hufichua swali linalojibu swali jingine. Katika rasimu hiyohiyo, kipengele kimoja cha sehemu A kinauliza ni kiambishi kipi katika neno "tulilima" kinachoonesha wakati uliopita. Kurasa mbili mbele, sehemu B inasema: "Katika neno 'walisomeshwa', kiambishi -li- kinaonesha wakati uliopita. Eleza dhima ya viambishi vingine vitatu." Kila swali peke yake halina kasoro, na anayeyasoma moja moja hataona kitu. Anayejibu huona, maana alipofika sehemu B alikuta jibu aliloliandika dakika chache kabla limechapwa mbele yake.

Baada ya majibu kukamilika, mwongozo unatolewa na kazi inageuka kuwa ya hesabu. Idara hii inafuata mpangilio ambao wanafunzi wataukuta kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani wa Kidato cha Nne: sehemu A alama 16, sehemu B alama 54 kwa maswali sita, na sehemu C alama 30 kwa insha mbili ambazo mwanafunzi huchagua kati ya tatu. Kila swali la sehemu B lina alama 9. Sasa tazama swali lisemalo "Eleza sifa nne za ngano." Alama 9 hazigawanyiki kwa sifa nne bila kuzaa robo, na wasahihishaji wawili watagawa kila mmoja kivyake. Mhakiki anapendekeza sifa tatu, kila moja alama 3: moja ya kutaja na mbili za kueleza. Katika insha, mwongozo unatoa alama 1 ya utangulizi, hoja sita za alama 2, na alama 1 ya hitimisho. Jumla ni 14, wakati swali limeandikwa alama 15. Alama moja haina mwenyewe, na hakuna mwanafunzi anayeweza kuipata hata akiandika insha kamili.

Kuhusu jedwali la utahini, memo imelitaka lakini haikusema litumikeje, na hapa ndipo inapopungukiwa. Jedwali linaorodhesha mada zilizofundishwa, vipindi vilivyotumika, na alama zilizopewa kila mada. Mada iliyochukua vipindi 24 kati ya 60 inastahili karibu alama 40. Tuseme mada hiyo ni fasihi simulizi. Kwenye jedwali la mtunzi imepata alama 39: swali la ngano na jingine katika sehemu B, jumla 18, vipengele 6 vya sehemu A, na insha moja ya alama 15. Ukilisoma hivyo, limekaa vizuri. Lakini insha hiyo ipo sehemu C, ambako mwanafunzi anachagua mbili kati ya tatu. Akiikwepa, fasihi simulizi imebaki na alama 24 tu kati ya 100. Kwa hiyo mhakiki anapaswa kuhesabu mara mbili, na sehemu ya kuchagua na bila hiyo. Sentensi moja kwenye kipengele cha pili, "hesabu alama za kila mada bila sehemu C", ingetosha.

Jedwali hilo lina umuhimu wa pekee kwa sababu memo inampa mhakiki kidato asichokifundisha. Uamuzi huo una faida: hajui mtunzi alikusudia nini, hivyo analisoma swali lilivyoandikwa. Una gharama pia: hajui kilichofundishwa darasani. Jedwali likilinganishwa na azimio la kazi ndilo linaloziba pengo hilo.

Kipengele cha tatu na cha nne vinagusa jambo ambalo wakuu wa idara hulipita kimya. Katika idara ndogo, mwalimu wa ajira mpya anaweza kupewa rasimu ya mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe. Akiombwa "maoni", ataandika kwamba ipo sawa. Heshima haimruhusu zaidi. Fomu ya safu tatu inampunguzia mzigo, kwa sababu anaandika kuhusu swali la 4 na hamwandiki mtu. Majibu yake yaliyoambatishwa yanasema mengine: hahitaji kudai kwamba mzee amekosea, inatosha kuonesha kwamba yeye alipata B na D. Na haki ya mtunzi kukataa kwa sababu inazuia hali ya upande wa pili, ambapo mhakiki anabadilisha lugha ya mwenzake kwa kupenda tu.

Hatari ya mwisho ni ya nakala. Baada ya kikao huwa kuna rasimu mbili zenye sura moja, moja ina makosa na moja imerekebishwa, na mara nyingine inayodurufiwa ni ile ya kwanza. Memo inazungumzia usiri, na ni sawa, kwa kuwa picha moja kwenye kundi la simu inatosha kufuta mtihani. Lakini haikusema nani anathibitisha nakala ya mwisho. Ingeongezwa kwamba mkuu wa idara atalinganisha fomu na karatasi iliyorekebishwa, ataweka sahihi kila ukurasa, na zilizotangulia zitakusanywa na kuchanwa. Tangu hapo karatasi yenye sahihi pekee ndiyo inayokwenda kudurufiwa.

Kuna jambo moja ambalo utaratibu huu hauwezi kulipima hata ukifuatwa wote, nalo ni jinsi swali litakavyofanya kazi kwa wanafunzi wenyewe. Mwalimu akijibu kwa urahisi haimaanishi mwanafunzi atajibu. Hilo huonekana baada ya kusahihisha, ukichukua theluthi ya wanafunzi waliofanya vizuri zaidi na theluthi ya waliofanya vibaya zaidi, kisha ukahesabu waliopata kila kipengele cha sehemu A. Kipengele ambacho kundi la chini limekipata sawa na kundi la juu, au kulizidi, huenda kina kasoro ambayo wahakiki hawakuiona: pengine kipotoshi kimoja kinatetewa na anayejua zaidi, au mwongozo umekosea. Namba za vipengele hivyo zihifadhiwe pamoja na fomu za wahakiki, kisha mkuu wa idara aziambatishe kwenye memo ya muhula unaofuata, ili watunzi wazione kabla hawajaanza kutunga.