Nimejitahidi Sana

Sentensi ninayotaka kuichambua ni hii: "Nimejitahidi sana kuboresha huduma za chanjo na mahudhurio yameongezeka kwa kiasi kikubwa." Iliandikwa mwaka 2022 na muuguzi wa zahanati ya kijijini, katika fomu ya OPRAS, yaani ule mfumo wa wazi wa tathmini ulioanza katika utumishi wa umma Tanzania mwaka 2004 kuchukua nafasi ya taarifa za siri. Fomu hiyo ilimtaka mtumishi ajipe alama mwenyewe kwanza, kisha mkuu wake ampe yake, halafu wakubaliane. Baadaye mfumo wa kompyuta uliiondoa, lakini ugonjwa wa sentensi hii haukuondoka nayo.

Muuguzi aliniletea fomu kwa kuwa nilistaafu katika kazi iliyonilazimu kusoma nyingi za namna hiyo. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja. "Baba, nikiandika zaidi ya hapo si nitaonekana najisifu?"

Nilimwambia kwamba hapo alipofika tayari amejisifu. "Sana" ni sifa, na "kwa kiasi kikubwa" ni sifa nyingine. Msomaji hana mizani ya kupimia maneno hayo. Ama ayaamini kwa sababu anamfahamu mwandishi, ama ayapuuze kwa sababu ameyaona katika kila fomu iliyopita mezani pake. Nambari haijisifu, kinachojisifu ni kile kielezi kinachoandamana nayo.

Basi tukafungua rejista ya chanjo. Chanjo ya penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na wahudumu hulinganisha dozi ya kwanza na ya tatu ili kujua ni watoto wangapi wanaopotea njiani. Pengo likizidi asilimia 10, hiyo ni dalili ya tatizo. Kati ya Julai 2020 na Juni 2021 zahanati ilitoa dozi za kwanza 168 na za tatu 133. Mwaka uliofuata zilikuwa 174 na 158. Pengo lilishuka kutoka 35 hadi 16, yaani kutoka asilimia 21 hivi hadi asilimia 9.

Tazama, msomaji, kilichotokea kwa ile sentensi. Mahudhurio hayakuongezeka kwa kiasi kikubwa hata kidogo. Walioanza waliongezeka 6 tu. Mafanikio yake halisi yalikuwa mengine kabisa, kwamba walioanza walirudi, na hayo hakuyaandika. Maneno makubwa yalikuwa yamemdhulumu mwenyewe.

Nikamuuliza alifanya nini. Alikuwa ametengeneza kisanduku cha kadi, kila kadi ikikaa katika mwezi ambao mtoto anatakiwa kurudi. Mwisho wa mwezi, kadi zilizobaki ni za watoto ambao hawakuja. Wahudumu wawili wa afya ya jamii walipewa majina hayo wakaenda nyumba kwa nyumba.

Hapa akaingia mtego wa pili, ule wa unyenyekevu. Aliandika: "Kisanduku kilianzishwa na ufuatiliaji ulifanyika." Kiswahili chetu kinatupa kauli ya kutendwa, nasi hujificha ndani yake kama kuku ndani ya tenga. Kilianzishwa na nani? Wengine hukimbilia "tu-": tulianzisha, tulifuatilia. Hiyo nayo humnyima kila mmoja haki yake. Dawa ni kumpa kila mtenda kitenzi chake. Tukaishia hivi:

"Dozi za tatu za penta zilikuwa 158 dhidi ya dozi za kwanza 174, mwaka uliotangulia 133 dhidi ya 168 (rejista ya chanjo). Mwezi Agosti nilianzisha kisanduku cha kadi za ukumbusho. Wahudumu wawili wa afya ya jamii waliwafuata nyumbani watoto waliochelewa. Orodha zao zipo katika jalada la zahanati."

"Nili-" imetokea mara moja tu, mahali pake. Na mabano yale yana kazi kuliko sentensi yote, maana anayetilia shaka ameelekezwa pa kwenda.

Angalia pia neno "dhidi". Muuguzi alitaka kuandika "watoto 158 kati ya 174", nami nikamzuia. Aliyepata dozi ya tatu Julai alianza kabla ya mwaka huo wa tathmini, na aliyeanza Juni bado hajafika wiki ya 14. Si watoto walewale. Vilevile hatukuandika kwamba kisanduku ndicho kilichopunguza pengo. Kisanduku na pengo vilifuatana, na rejista haithibitishi zaidi ya hapo.

Mwishowe alinionyesha mstari alioukata: Machi chanjo iliisha kwa siku 11, akina mama wakarudishwa. Aliona utamharibia. Nikamwomba aurudishe, pamoja na tarehe aliyoandika barua ya kuomba nyongeza. Aliurudisha, kisha akakaa kimya akiitazama ile safu ya alama, ambayo 1 ndiyo ya juu kabisa. Akajiandikia 2.