Barua Iliyopitwa na Simu: Uhakiki wa Jibu la Mwanafunzi wa Sheria kwa Swali la Kisa kuhusu Pendekezo na Ukubali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jibu moja la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria kwa swali la kisa katika somo la mikataba nchini Tanzania. Uhakiki unafuata hatua tatu: kutambua hoja bishaniwa, kutamka kanuni, na kuitumia kanuni kwa mambo ya kisa. Inadaiwa hapa kwamba kosa kuu la jibu hili, ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa kosa la matumizi, limezaliwa katika hatua ya pili, mwanafunzi alipotamka kanuni ya Uingereza mahali palipo na kifungu cha sheria ya nchi. Mwishoni makala yanapendekeza namna ya kusahihisha ambayo ingelifichua kosa la aina hiyo mapema.

1. Utangulizi

Swali la kisa humpa mwanafunzi hadithi fupi na kumtaka amshauri mmoja wa wahusika. Msahihishaji hutazama iwapo mwanafunzi ameona ni mambo gani yanayobishaniwa, ametaja sheria inayoyatawala, na ameunganisha sheria hiyo na mambo ya hadithi mpaka akafikia ushauri. Hatua hizi zinategemeana, na ile ya kati ikipotoka, ya tatu hupotoka pamoja nayo hata kama hoja za mwanafunzi zimepangwa kwa mantiki safi. Jibu linalohakikiwa hapa linaonyesha jambo hilo kwa uwazi usio wa kawaida. Liliandikwa kwa Kiingereza. Maneno yanayonukuliwa ni tafsiri yangu, na utambulisho wa mwandishi wake umeondolewa.

2. Kisa

Bahati, mkulima wa Kyela, alimwandikia barua Zainabu, mfanyabiashara wa Tanga, akipendekeza kumuuzia magunia 200 ya mchele kwa shilingi 180,000 kila gunia. Barua ilifika tarehe 6 Machi. Tarehe 7 Machi, saa 3 asubuhi, Zainabu aliandika barua ya kukubali na kumpa kijana wa dukani kwake aipeleke posta. Kijana aliituma saa 9 alasiri. Siku hiyohiyo, saa 5 asubuhi, Bahati alikuwa amempata mnunuzi mwingine, akatuma barua ya kuliondoa pendekezo lake. Barua hiyo ilimfikia Zainabu tarehe 10. Hata hivyo, tarehe 9 Zainabu alisikia kwamba bei imeshuka Tanga. Akampigia Bahati simu na kumwambia, kabla barua yake haijafika, kwamba amebadili nia na hatanunua. Barua ya Zainabu ya kukubali ilifika Kyela tarehe 11. Kufikia hapo mnunuzi wa pili wa Bahati alikuwa amejitoa, na bei ya soko ilikuwa shilingi 150,000 kwa gunia. Swali: mshauri Bahati.

3. Kutambua hoja

Mwanafunzi alitambua hoja mbili. Ya kwanza ni iwapo barua ya Bahati ya tarehe 7 iliondoa pendekezo lake kabla halijakubaliwa. Ya pili ni kiasi cha fidia anachostahili Bahati baada ya Zainabu kukataa kununua. Hoja ya kwanza ni sahihi, na ameieleza vizuri kwa kuipanga kwa tarehe. Hoja ya pili inatanguliza jambo ambalo lilipaswa kuthibitishwa kwanza, kwani hakuna fidia ya kuvunja mkataba pasipo mkataba. Katikati ya hoja hizi mbili kulikuwa na ya tatu ambayo ndiyo moyo wa swali, yaani iwapo Zainabu aliweza kuuondoa ukubali wake kwa simu ya tarehe 9.

Mwanafunzi aliiona simu hiyo, kwani anaitaja. Anaandika kwamba kwa simu hiyo Zainabu “alivunja mkataba uliokwisha kufungwa”. Kwa sentensi moja, jambo lililokuwa swali limegeuzwa kuwa jibu. Hapa msahihishaji hupata ishara ya kuaminika. Jambo la kisa linapotajwa kwa kitenzi chenye hukumu ndani yake, kama vile “alivunja” au “alikiuka”, huenda hoja nzima imemezwa na kitenzi hicho. Tarehe 9 na tarehe 11 hazikuwekwa katika kisa kwa bahati. Mtunzi wa swali ameiweka simu mbele ya barua kwa makusudi.

4. Kutamka kanuni

Kwa nini mwanafunzi aliyeiona simu hakuuona mgogoro uliomo? Jibu limo katika kanuni aliyoitamka. Anaandika: “Kwa mujibu wa kesi ya Adams dhidi ya Lindsell ya 1818, ukubali unaotumwa kwa posta hukamilika pale barua inapotumwa, na tangu hapo pande zote mbili zimefungwa.” Anaongeza kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya 1880 kuonyesha kwamba kuliondoa pendekezo hakuna nguvu mpaka habari imfikie aliyependekezewa. Kama maelezo ya sheria ya Uingereza, tamko hili halina dosari kubwa.

Lakini kisa ni cha Tanzania, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina maneno yake yenyewe. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kifungu cha 4 kinaigawa sehemu mbili ile saa ambayo sheria ya Uingereza huiona kuwa moja. Dhidi ya mtoa pendekezo, mawasiliano ya ukubali hukamilika pale ukubali unapowekwa katika njia ya kumfikia, kiasi kwamba mkubali hana tena uwezo juu yake. Dhidi ya mkubali mwenyewe, hukamilika pale tu mtoa pendekezo anapoupata ujuzi wake. Kifungu cha 5 kinajenga juu ya mgawanyo huo: pendekezo laweza kuondolewa kabla mawasiliano ya ukubali hayajakamilika dhidi ya mtoa pendekezo, na ukubali waweza kuondolewa kabla mawasiliano hayo hayajakamilika dhidi ya mkubali.

Matokeo yake ni kwamba kati ya kutumwa kwa barua na kufika kwake kuna kipindi ambacho mtoa pendekezo amefungwa ilhali mkubali hajafungwa. Maneno ya mwanafunzi, “pande zote mbili zimefungwa”, yanakifuta kipindi hicho. Kwa kanuni aliyoitamka, simu ya tarehe 9 haikuweza kuwa na maana nyingine isipokuwa uvunjaji. Hoja ya tatu haikuonekana kwa sababu kanuni yake haikuacha nafasi ya kuwapo.

Inafaa kusisitiza kwamba kosa hili halitokani na uvivu. Vitabu vingi vinavyotumika katika somo hili vimeandikwa Uingereza. Aidha, kwa hoja ya kwanza kanuni ya Uingereza na kifungu cha 5 vinatoa jibu lilelile, kwa hiyo mwanafunzi hakupata onyo lolote njiani. Kanuni ya kigeni ina hatari zaidi inapokubaliana na sheria ya nchi mara tisa na kutofautiana nayo mara ya kumi.

5. Matumizi kwa mambo ya kisa

Tukitumia kifungu chenyewe, kisa kinafunguka hatua kwa hatua. Ukubali ulikamilika dhidi ya Bahati tarehe 7 saa 9 alasiri. Mwanafunzi anasema saa 3 asubuhi, lakini saa hiyo barua ilikuwa mikononi mwa kijana wa duka, na Zainabu angeweza kumwita airudishe. Haikuwa nje ya uwezo wake. Barua ya Bahati ilitumwa saa 5, kabla ya saa 9. Je, hilo linamsaidia? Halimsaidii, kwa kuwa kifungu cha 4 kinasema kuondoa hukamilika dhidi ya anayeondolewa pale anapopata habari, na Zainabu aliipata tarehe 10. Basi kosa la mwanafunzi kuhusu saa halibadili matokeo. Anastahili kupunguziwa alama kidogo kwa kutolisoma jambo la kisa, lakini si zaidi ya hapo.

Kosa la pili ni la uzito mwingine. Dhidi ya Zainabu, ukubali ungekamilika tarehe 11, barua yake ilipofika na kujulikana kwa Bahati. Simu yake ilisikika tarehe 9. Kifungu cha 3 hakidai kwamba kuondoa kufanywe kwa njia ileile iliyotumika kukubali. Kinatosheka na tendo ambalo mtu anakusudia kuwasiliana kwalo, au ambalo lina matokeo hayo. Kwa hiyo ukubali uliondolewa kwa wakati, mkataba haukufungwa, na Bahati hana dai.

Mwanafunzi alihitimisha kinyume chake. Alitaja kifungu cha 73 kuhusu fidia, akachukua tofauti ya shilingi 30,000 kwa gunia, akazidisha kwa magunia 200 na kupata shilingi 6,000,000. Kifungu ni sahihi, kipimo ni sahihi, hesabu ni sahihi. Ila mteja angeshauriwa kwenda mahakamani kudai milioni sita asizostahili, na kulipa gharama za upande wa pili.

6. Tathmini na pendekezo

Jibu hili lilipewa alama 16 kati ya 25 na msahihishaji wa kwanza, ambaye aliandika pembeni: “Matumizi yaimarishwe.” Kwa maoni yangu alama ni nyingi na maelezo yamekosea mahali. Matumizi ya mwanafunzi yalikuwa aminifu kwa kanuni aliyoianza. Akiambiwa aimarishe matumizi, atarudi kuandika aya ndefu zaidi juu ya msingi uleule. Maelezo ya kumsaidia yangekuwa: “Soma kifungu cha 4 kuhusu mkubali, kisha uitazame tena tarehe 9.”

Ninapendekeza kwamba mwongozo wa kusahihisha utenge alama za kanuni kwa ajili ya chanzo kinachotawala, si kwa kanuni yoyote iliyo kweli mahali fulani. Vilevile, mtunzi wa swali aweke katika kila kisa angalau jambo moja ambalo sheria ya nchi na ile ya Uingereza zinalijibu tofauti. Hapo anayekariri hutengana na anayesoma.

Kwa vyuo vya ukanda wetu pendekezo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu wanafunzi huvuka mipaka na vitabu vyao. Kenya, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, imeipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu mikataba. Kanuni ya posta ikifuatwa huko kikamilifu, Zainabu angefungwa tarehe 7. Uganda ina Sheria ya Mikataba ya 2010, na mwanafunzi wa huko hana budi kuanzia katika maandishi yake. Kisa kimoja, mchele uleule, lakini ushauri unaweza kutofautiana kwa kuvuka mpaka. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya tamko la kanuni yafaa ijibu swali ambalo mwanafunzi wetu hakujiuliza: hii ni sheria ya wapi?