Miezi Kumi na Minne, Si Kumi na Minane

Mume na mke wa Tanga, mume mwalimu na mke mshonaji wa madera, walikaa na daftari mwishoni mwa Oktoba 2025 kupanga safari ya Hija ya mwaka 1448, ambayo kisimamo chake cha Arafa kinatarajiwa katikati ya Mei 2027. Walikuwa na karatasi za bei kutoka taasisi tatu za kusafirisha mahujaji, walikuwa na fedha kiasi, na walikuwa na nia. Hesabu waliyoipata jioni ile ilisema kila mwezi waweke 761,000. Ilikuwa hesabu safi, isiyo na kosa la kujumlisha wala kutoa. Lakini kila namba iliyoingia ndani yake ilikuwa na kasoro. Namba zao nimezisawazisha kidogo ili zisomeke kwa urahisi.

Hivi ndivyo walivyofanya. Walichukua bei ya chini kuliko zote, 14,800,000 kwa mtu mmoja, wakaizidisha kwa mbili: 29,600,000. Wakatoa fedha walizoamini wanazo, 15,900,000. Zilizobaki, 13,700,000, wakazigawa kwa miezi 18 kuanzia Novemba 2025 hadi Aprili 2027.

Tuanze na bei. Karatasi ya 14,800,000 ilitaja tiketi, viza, hoteli, usafiri na mahema ya Mina. Haikutaja mnyama wa kuchinja, ambaye ni lazima kwa anayehiji kwa tamatui, na mahujaji wengi wa kwetu huhiji hivyo. Chakula nacho kilikuwa cha Mina na Arafa tu. Siku za Madina, na zile za Makka kabla na baada ya ibada, kila mtu ajitegemee. Walipomuuliza aliyewahi kwenda, wakaweka 500,000 za mnyama na 700,000 za chakula kwa kila mmoja. Bei ikawa 16,000,000. Karatasi nyingine, iliyoonekana ghali kwa 15,700,000, ilikuwa na vyote viwili ndani yake. Ya tatu ilikuwa 17,900,000 kwa sababu hoteli yake iko jirani na Msikiti Mtukufu, wakaiweka pembeni.

Kwa hiyo karatasi ya bei haisomwi kwa namba ya chini kabisa. Inasomwa kwa kile kisichoandikwa. Uliza chumba kina vitanda vingapi: kwa vikundi vingi vya huku wanaume hulala na wanaume na wanawake na wanawake, wanne au zaidi, na wanandoa wakitaka chumba chao peke yao bei hupanda. Uliza pia hoteli ya Makka iko wapi. Ikiwa ni Aziziya, mabasi ya kwenda msikitini husimama siku za karibu na Hija, na hapo teksi unailipa wewe mwenyewe.

Wakachagua 15,700,000, yaani 31,400,000 kwa wawili. Lakini hiyo ni bei ya msimu uliopita. Chini ya karatasi kulikuwa na mstari mdogo unaosema bei itabadilika kufuatana na thamani ya dola, na mstari huo ndio wenye uzito kuliko yote. Gharama nyingi za Hija hulipwa kwa riyali, na riyali imefungwa kwa dola kwa 3.75 tangu 1986, hivyo anayeweka akiba kwa shilingi inamtosha kuangalia dola peke yake. Kati ya Desemba 2024 na Aprili 2025 dola moja ilitoka karibu shilingi 2,400 ikafika karibu 2,700. Miezi minne tu, zaidi ya asilimia kumi. Baadaye ikashuka tena, lakini hujaji halipi kwa wastani wa mwaka, analipa kwa bei ya siku anayodaiwa. Wakaongeza asilimia 10 ya tahadhari, 3,140,000, na 300,000 za pasipoti mbili, kwa sababu taasisi huidai pasipoti mapema. Mahitaji yakawa 34,840,000.

Sasa fedha zilizopo, na hapa ndipo daftari lilipokuwa na ndoto nyingi. Benki, kwenye akaunti isiyo na riba, kulikuwa na 9,400,000. Hizo ni fedha. Kwenye taasisi waliyoichagua walikuwa wameshaweka malipo ya awali ya 2,000,000, lakini risiti, ukiisoma hadi chini, inasema 200,000 za kila mtu ni ada ya kujiandikisha, hazirudishwi wala hazikatwi kwenye bei. Zinazohesabika ni 1,600,000.

Kisha upatu. Wako watu 12, kila mmoja 250,000 kwa mwezi, na zamu ya mke inaangukia Machi 2026: 3,000,000. Waliziandika zote kama fedha zilizopo. Lakini walikuwa wamechangia miezi mitano tu. Saba bado, na hiyo ni 1,750,000 itakayotoka mfukoni mwao wenyewe. Kilicho chao kwa kweli siku ile ni 1,250,000 walizokwisha kutoa. Ukiandika 3,000,000 na usiandike michango iliyobaki, umeihesabu fedha moja mara mbili. Njia salama ni kuandika 1,250,000, halafu ile 250,000 ya kila mwezi iwe ndani ya kiwango cha akiba cha mwezi, isikae pembeni yake.

La mwisho lilikuwa 1,500,000 alizokopa shemeji. Hilo liandikwe sifuri. Akilipa, alhamdulillahi, mwezi huo mpango unapungua. Asipolipa, hakuna kilichoharibika. Fedha za kweli basi zilikuwa 12,250,000, si 15,900,000.

Miezi nayo. Wao walihesabu hadi Hija yenyewe, ilhali fedha haidaiwi siku ya kupanda ndege. Mahema ya Mina, hoteli na usafiri hufungiwa mikataba na kulipiwa miezi kadhaa kabla, kupitia mfumo wa Saudia wa Nusuk Masar, na taasisi haiwezi kumlipia mtu ambaye hajalipa. Taasisi yao iliweka mwisho wa malipo kuwa 31 Desemba 2026. Kuanzia Novemba 2025 hadi hapo ni miezi 14. Gawanya 22,590,000 zilizopungua kwa 14, unapata takriban 1,614,000 kwa mwezi. Ni zaidi ya mara mbili ya ile 761,000.

Kipato chao, baada ya kodi ya fremu ya cherehani na ada za watoto, hakiwezi kutoa zaidi ya 1,250,000 kwa mwezi, na hapo ni kwa kubana kila kitu. Miezi 14 ya kubana ingewaacha na pengo la zaidi ya milioni tano. Kukopa ili kuliziba halikuwa jambo la kujadili, maana Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na deni si uwezo. Jamaa mmoja alishauri mume atangulie peke yake. Hesabu ingekubali, mke hakukubali, na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za benki ilitoka kwenye cherehani yake, neno lake lilikuwa na nguvu.

Ikabaki kusogeza hadi Hija ya 1449, mwanzoni mwa Mei 2028. Wengi hudhani kusogeza mwaka mmoja ni kupata miezi 12 zaidi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, na tarehe ya mwisho ya malipo nayo hurudi nyuma kwa kiasi hicho. Kama 1448 ililipwa mwisho wa Desemba, 1449 huenda ikadaiwa karibu na tarehe 20 Desemba 2027, na mshahara wa Desemba utakuwa bado haujaingia. Kwa hiyo mshahara wa mwisho wa kutegemea ni wa Novemba. Wameongeza mishahara 11, si 12. Jumla ni miezi 25.

Kusogeza kuna gharama mbili. Ya kwanza ni kupanda kwa bei kwa mwaka mwingine, kwa hiyo tahadhari ikapanda hadi asilimia 15, yaani 4,710,000. Ya pili husahauliwa na karibu kila mpangaji niliyemsikia: zaka. Kwa wanazuoni wengi, akiba ya Hija iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria bado inatolewa asilimia 2.5, hata kama mwenyewe ameinuia safari. Nisabu ya fedha ni gramu 595 na ya dhahabu gramu 85, na tofauti ya thamani kati ya hizo mbili ni kubwa, kwa hiyo muulize shehe wako anafuata ipi. Wao walifuata ya fedha. Mwaka wao hukamilika Ramadhani, na Ramadhani mbili zinapita kabla ya malipo: ya Februari 2026 akiba ikiwa kama milioni 12, na ya Februari 2027 ikiwa kama milioni 26. Wakatenga 1,000,000 kwa zote mbili.

Kijana wao akaiweka hesabu yote kwenye jedwali la simu. B1 ni bei, B2 tahadhari, B3 pasipoti, B4 zaka, B5 fedha zilizopo, B6 miezi:

```
=ROUNDUP((B1+B2+B3+B4-B5)/B6,-4)
```

Ile -4 inapandisha jibu hadi elfu kumi kamili. Jibu lilikuja 1,010,000. Ni nzito, lakini iko chini ya kikomo chao, na nafasi ya 240,000 iliyobaki ndiyo inayoufanya mpango uwe wa kweli.

Nguo za ihramu, chanjo, nauli ya Dar, fedha za mkononi na matumizi ya nyumbani wakiwa hawapo, jumla 2,900,000, hazikuingizwa humo kwa makusudi. Hazidaiwi Desemba. Zinawekwa kuanzia Desemba 2027 hadi Aprili 2028, 580,000 kwa mwezi, wakati mzigo mkubwa umeshatua.

Jedwali hilo linafunguliwa upya kila baada ya miezi mitatu, na kila karatasi mpya ya bei inapotoka. Dalili ya hatari huonekana mapema. Tuseme Desemba na Januari, miezi ya sikukuu na ada za shule, hawakuweka chochote. Mwisho wa Aprili 2026 jibu lingesoma 1,120,000. Bado linabebeka. Likifika 1,250,000, wakae tena mezani siku hiyo hiyo, wasingoje Desemba ya malipo.

Wewe unayeanza sasa, kabla ya kulipa malipo ya awali dai maandishi yenye mambo matatu: tarehe ya mwisho ya kumaliza kulipa, kiasi kisichorudishwa, na vitu visivyomo kwenye bei. Taasisi isiyotaka kuyaandika, usiiachie fedha yako.